Kukokotoa pesa huru ya biashara: hesabu ya muuza samaki wa Kongowea

Pesa huru ni ile inayobaki mkononi baada ya biashara kulipa gharama za kila siku na kununua vifaa ambavyo bila hivyo itasimama. Nitaikokotoa kwa hesabu ya mteja mmoja. Ananunua nguru, kolekole na pweza kwa wavuvi, anahifadhi kwenye friza, kisha anapeleka kwa tuktuk hoteli za Nyali na Bamburi. Tarakimu nimezibadilisha kidogo, ila mwendo wake ni uleule.

Hatua ya 1: Andika pesa iliyoingia, si mauzo. Chukua taarifa za M-Pesa na benki za miezi 12. Mwaka mzima ni lazima, maana kusi ikivuma bahari huchafuka na samaki huadimika. Ukipima miezi ya kaskazi peke yake utajiona tajiri. Ankara za mteja wetu zilifika 9,600,000. Zilizolipwa ni 8,900,000. Hizo 700,000 bado ziko hotelini, kwa hiyo haziingii kwenye hesabu hii. Ondoa pia mikopo, pesa uliyotia mwenyewe, na ile uliyohamisha kutoka tili kwenda benki, la sivyo utaihesabu mara mbili.

Hatua ya 2: Toa gharama za kuendesha. Samaki 6,100,000. Barafu, stima, kodi ya chumba, mafuta, mishahara na leseni ya kaunti 1,700,000. Kodi ya KRA 288,000. Halafu kuna mstari ambao karibu kila mtu huuruka: mshahara wa mwenyewe. Huyu tulimwekea 30,000 kwa mwezi, yaani 360,000 kwa mwaka. Usipojilipa kwenye karatasi, unachokiita pesa huru ni jasho lako mwenyewe. Jumla ni 8,448,000, na kilichobaki ni 452,000.

Hatua ya 3: Toa vifaa vya lazima. Hapa ndipo penye ubishi. Mwaka huo alibadilisha friza mbili zilizochoka kwa 170,000 na kufanyia injini ya tuktuk matengenezo makubwa kwa 70,000. Jiulize: nisingelinunua hiki, ningeendelea kuuza kiasi kilekile? Jibu likiwa hapana, ni cha lazima. Friza ya tatu kwa ajili ya hoteli mpya ni upanuzi. Iandike kwenye mstari wake ili ujue ni uamuzi wako, si dharura. Huyu hakupanua.

452,000 toa 240,000 ni 212,000. Hiyo ndiyo pesa huru.

Sasa linganisha na faida ya daftarini. Mauzo 9,600,000, toa gharama 8,448,000, toa uchakavu wa vifaa 190,000: faida 962,000 (akiba ya samaki kwenye friza haikubadilika, kwa hiyo haitusumbui). Ndiyo maana alikuwa akiuliza faida yake imekwenda wapi. Sehemu kubwa haikuibiwa na mtu. Iko kwenye madeni ya hoteli.

Jihadhari na mwaka unaopendeza kupita kiasi. Mtu akiahirisha kubadilisha friza, pesa huru hupanda bila biashara kuwa na nafuu yoyote. Utajua kwa mpira wa mlango usioshika, barafu nene ukutani, bili ya stima inayopanda ilhali samaki ni walewale, na fundi anayeitwa kila mwezi. Kuchelewesha malipo ya wavuvi nako hupandisha hesabu, mpaka siku wanapoanza kumuuzia mwingine.

Hatua ya 4: Hakiki kwa salio. Mwanzo wa mwaka alikuwa na 140,000. Ongeza pesa huru 212,000, toa marejesho ya mkopo 180,000 na 60,000 alizochukua za karo zaidi ya mshahara wake. Salio lilipaswa kuwa 112,000. Tukakuta 97,000. Tofauti ya 15,000 ilikuwa makato ya M-Pesa na benki ambayo hayakuandikwa popote. Yarudishe kwenye hatua ya 2, na pesa huru inashuka hadi 197,000. Hesabu isiyofunga na salio usiitumie.

Alikuwa anataka tuktuk ya pili kwa mkopo, marejesho 25,000 kwa mwezi, ambayo ni 300,000 kwa mwaka. Baada ya mkopo wa sasa anabaki na 17,000 tu. Akasema atazibana hoteli zilipe zile 700,000. Azibane, ni haki yake, lakini pesa hiyo huingia mara moja, na marejesho huja kila mwezi. Tuliafikiana aitumie kumaliza mkopo wa zamani kwanza, kisha tupige hesabu upya kusi ikishapita.