Meneja anaondoka: domeni na peji zisiondoke naye

Wakuu, juzi nilikuwa dukani kwa jamaa yangu muuza samani. Meneja wake anaacha kazi mwisho wa mwezi, na domeni ya duka, .com, aliisajili yeye kwa jina lake na Gmail yake. Tajiri alimrudishia pesa kila mwaka na risiti anazo, lakini msajili, yaani kampuni inayouza domeni, hajui risiti hizo. Anamjua mwenye akaunti tu. Tulifanya hivi.

Hatua ya 1: Angalia domeni ina jina la nani.

```
whois jina-la-duka.com
```

Tazama mstari wa `Registrant`. Kwa .com mara nyingi jina limefichwa, basi meneja afungue akaunti mbele yako mkasome pamoja.

Hatua ya 2: Fungua imeili ya biashara yenye namba ya simu ya tajiri. Isiwe imeili ya domeni ileile! Domeni ikiisha muda, `info@` nayo inazimika, na kiungo cha kubadili nywila kinatumwa kusikofika. Wengi wanajifungia nje hapa.

Hatua ya 3: Tajiri afungue akaunti kwa msajili yuleyule, meneja aihamishie domeni humo, kisha `Registrant` iwe jina la biashara kama lilivyo BRELA. Msibadili msajili siku hiyohiyo, maana kubadili jina la mmiliki wa .com kunaweza kuizuia isihamie kwa msajili mwingine kwa siku 60. `Nameservers` msiziguse, tovuti itaendelea kufanya kazi.

Hatua ya 4: Peji ya Facebook. Usimwombe nywila yake, ile ni akaunti yake binafsi. Ampe tajiri `Full control`, tajiri akubali, aone mwenyewe orodha ya wasimamizi, ndipo meneja ajitoe. Kagua pia kama peji iko ndani ya `Business portfolio` ya meneja. Kama iko humo, tajiri ni mgeni tu hata akiwa na `Full control`, hivyo itolewe kwanza.

Maswali ya wanachama

*Mkuu, mimi nilibadili nywila tu. Haitoshi?*
Haitoshi. Kama Gmail yake bado ndiyo ya kurejesha akaunti, anabonyeza "nimesahau nywila" na kuingia tena.

*Wangu aliondoka mwaka jana, simu hapokei. Nishitaki kwa UDRP?*
Fikiria mara mbili, ndugu. UDRP, ule utaratibu wa kudai domeni bila kwenda mahakamani, inataka uonyeshe una alama ya biashara, na kwamba domeni ilisajiliwa kwa nia mbaya na inatumika hivyo. Meneja uliyemtuma mwenyewe aliisajili kwa nia njema, na hapo ndipo kesi nyingi za namna hii zinakwama. Anza na msajili: mpelekee cheti cha biashara, mkataba wa ajira na risiti. Akikataa, zungumza na wakili kuhusu mahakama. Na angalia tarehe ya kuisha muda, maana wakati mnabishana, asipoilipia, domeni inaweza kuchukuliwa na mtu wa tatu kabisa.