Manukuu ya filamu ya Kivietinamu: hesabu herufi kabla ya kutafsiri

Nimemaliza kuweka manukuu ya Kiswahili kwenye filamu fupi ya Kivietinamu, na kilichoniokoa ni hiki: pima sekunde za kila kauli, zidisha kwa 17, yaani herufi ambazo mtazamaji anaweza kusoma kwa sekunde, kisha tafsiri ndani ya idadi hiyo ya herufi, nafasi na alama zikiwemo. Kikomo cha herufi 42 kwa mstari, mistari miwili, mara nyingi si tatizo. Tatizo ni kasi. Maneno mengi ya Kivietinamu ni mafupi, ya silabi moja au mbili, yetu ni marefu.

Mfano, kijana wa Saigon anamwambia rafiki yake "Mày xạo tao hả?" kwa sekunde moja tu. "Unanidanganya, siyo?" ina herufi 20, imezidi. "Unanipiga kamba?" ina 16, tena inabaki ya kijiweni kama "xạo", neno la mtaani la kusini. Ukaribu wa "mày" na "tao", wanavyoitana marafiki au wagomvi, unabebwa na lugha hiyo ya mtaani, kwa hiyo huhitaji "wewe" wala "mimi".

Mbinu hii hukwama pale wahusika wanapobadili namna ya kuitana, mathalani wapenzi waliozoea "anh" na "em" wanapogeukia "mày" na "tao". Hapo badiliko lenyewe ndilo tukio, usilikate. Acha nukuu ibaki nusu sekunde baada ya sauti, mradi picha haijakatwa na mwingine hajaanza kusema.