Kabla ya kuandika upya muhtasari wa zabuni

Muhtasari wenyewe haupewi alama. Sheria ya Ununuzi wa Umma ya Kenya ya mwaka 2015, kifungu cha 80, inaibana kamati ya tathmini kwenye vigezo vilivyomo ndani ya nyaraka za zabuni tu. Kwa hiyo, kabla ya kugusa sentensi hata moja, fungua nyaraka hizo kwenye masharti ya lazima na jedwali la alama, uangalie pia kama kuna nyongeza iliyotolewa baadaye. Nyongeza hubadilisha vigezo, na wengi huisoma kwa ajili ya tarehe mpya ya kufunga zabuni tu.

Tuseme unaomba kazi ya usafi katika hospitali ya kaunti. Muhtasari wa kwanza karibu kila mara huanza hivi: “Kampuni yetu ni mahiri na ina uzoefu mkubwa.” Hapo mtathmini haonyeshwi cha kutia alama. Kama jedwali linatoa alama 20 kwa kazi tatu zinazofanana, andika: “Tumefanya usafi katika hospitali tatu, mikataba na barua za wateja ziko ukurasa wa 41 hadi 58.” Likitoa alama kwa mpango wa kazi, sema ni wahudumu wangapi kwa kila zamu, na taka hatarishi zitatenganishwaje na za kawaida. Sifa isiyo na kigezo iondoe, hata kama mkurugenzi anaipenda.

Sehemu ya juu ya ukurasa iachie masharti ya lazima, kwa sababu mzabuni akikosa moja tu hafiki kwenye alama za kiufundi. Jedwali dogo linatosha: cheti cha kodi, dhamana ya zabuni, fomu ya zabuni iliyotiwa saini, na ukurasa ambapo kila kimoja kipo. Fuata mpangilio na namba za nyaraka za zabuni, si zako. Namba za kurasa zijazwe mwisho kabisa, kitabu kizima cha zabuni yako kikishapigwa namba. Ukiongeza cheti kimoja katikati, zote zilizofuata zinakuwa za uongo.

Bei inahitaji uangalifu wa pekee. Zabuni ikiwa ya bahasha mbili, moja ya kiufundi na nyingine ya bei, usiitaje bei kabisa kwenye muhtasari unaokaa ndani ya bahasha ya kiufundi. Unaweza kuondolewa kwa hilo pekee. Ikiwa ya bahasha moja, iwe ileile ya fomu ya zabuni hadi senti, maana kifungu cha 82 hakiruhusu kiasi hicho kurekebishwa.

Mwisho, mpe ukurasa huo mwenzako asiyeijua zabuni hiyo. Mwombe akuonyeshe dhamana ilipo, kisha akuambie wahudumu wangapi watakuwa zamu ya usiku. Akianza kupekua kitabu bila kujua pa kwenda, rudi kwenye jedwali.