Jinsi ya kumwandikia mteja barua anapotaka mabati membamba na papi zilizoachana

Juzi nilimsaidia mhandisi kijana wa hapa Kisumu kuandika barua kwa mteja anayejenga nyumba za kupanga kule Mamboleo. Mchoro unasema mabati ya geji 28, na papi, yaani zile mbao za mlalo zinazopigiliwa mabati, kila mita 0.9. Mteja anataka geji 32 na papi kila mita 1.5. Hivi ndivyo tulivyoipanga barua hiyo.

Hatua ya 1: Andika milimita, usiandike geji peke yake. Wateja wengi hudhani namba kubwa ndiyo bati nene, kumbe ni kinyume chake. Geji 28 ina unene wa karibu milimita 0.4, na geji 32 karibu 0.25. Nenda dukani na maikromita, ukwaruze rangi pembeni ya bati, upime chuma chenyewe.

Hatua ya 2: Eleza upepo unavyonyanyua paa. Hapa ndipo barua nyingi hukwama, kwa sababu mteja anafikiria uzito. Atakuuliza, "Injinia, bati ni jepesi, mbao zote hizo za nini?" Mjibu kwamba wepesi huo ndio tatizo. Upepo ukipita juu ya paa huvuta bati kwenda juu, na mlango ukiwa wazi upepo ulioingia ndani nao husukuma kutoka chini. Mvuto huwa mkali zaidi kwenye kona na kingo.

Mpe hesabu moja tu. Presha ya upepo kwa njutani kwa mita ya mraba ni hii:

```
q = 0.613 × V × V
```

V ni kasi ya upepo. Tulichukua mita 30 kwa sekunde kama mfano, si kama kasi ya kusanifia. Kasi ya kusanifia ichukue kwenye kanuni za ujenzi unazotumia. Jibu ni kama 550. Kwenye kona tukazidisha kwa 1.5, tukapata karibu 830. Bati la geji 32 lenyewe lina uzito wa kama njutani 24 kwa mita ya mraba. Kwa hiyo kinacholizuia lisiruke ni misumari.

Sasa mwonyeshe msumari mmoja. Misumari ikiwa kila mita 0.3, papi za mita 0.9 zinaupa kila msumari mvuto wa kilo 23 hivi. Papi zikiwa mita 1.5, mvuto unafika kilo 38. Hapo hapo bati limepungua unene, na bati jembamba huchanika mapema kuzunguka kichwa cha msumari. Ukigawa nafasi ya papi kwa unene wa bati, mchoro unatoa 2.25 na pendekezo la mteja linatoa 6. Punguzo hizo mbili zinazidishana, hazijumlishwi, na hatari inakuwa karibu mara 2.7. Sentensi hiyo iwe na aya yake yenyewe.

Mgao huo ni wa kulinganisha tu, tena kwa kuchanika peke yake. Haukwambii kama msumari utang'oka kwenye mbao ya sipresi iliyokauka, wala kama papi imeshikwa vizuri kwenye kenchi. Nimeona paa lililoruka na papi zake, mabati yakiwa bado yamepigiliwa. Mweleze pia kwamba bati halichaniki siku moja. Likipigapiga kila dhoruba ya jioni kutoka ziwani, nyufa ndogo huanza kwenye matundu ya misumari. Mjini Darwin, Australia, kimbunga Tracy cha Desemba 1974 kiling'oa mabati mengi kwa uchovu wa chuma wa namna hiyo.

Hatua ya 3: Mtaje fundi atakayepanda. Sentensi mbili zinatosha. Mtu akikanyaga katikati ya papi mbili zilizo mita 1.5, bati la milimita 0.25 hukunjika na huenda akadondoka ndani.

Hatua ya 4: Mpe njia ya kukubali. Usimwachie katazo tupu. Sisi tulimwandikia hivi:

"Mama, kama ni lazima kupunguza gharama ya bati, tumia geji 30 na papi kila mita 0.6. Kabla ya kuamua, linganisha bei ya mbao zitakazoongezeka. Misumari iwe skrubu zenye washa ya mpira, na kwenye kingo na kona iwekwe karibu zaidi. Sitaweza kutia sahihi geji 32 kwa mita 1.5."

Kuhusu skrubu mimi sibishani na mtu: msumari laini haufai kwenye paa hili.

Hatua ya 5: Ambatisha mchoro wa kona moja wenye vipimo, acha nafasi ya sahihi ya mteja, na nakala ya pili mpe fundi mkononi kabla mbao hazijanunuliwa.