Igeuzie kauli yenyewe

Mtu akikwambia "hakuna ukweli wa uhakika", usikimbilie kubishana, chukua hiyo kauli uigeuzie yenyewe: je, na hili nalo ni la uhakika? Akisema ndiyo, basi tayari upo ukweli mmoja wa uhakika na kauli imejiangusha hapohapo. Ila akijibu "hata hili sina uhakika nalo", hajajipinga, kalegeza dai tu, na hapa ndo wengi wanakosea wanadhani wameshashinda.

Ukisikia hakuna, zote au kamwe, cheki kama kauli yenyewe imo kwenye kundi inalolizungumzia. "Hakuna paka mweusi" ni uongo mtupu lakini haijipingi, maana kauli siyo paka.