VPN inagoma ukiwa nyumbani tu? Anza na simu

Usikimbilie kubadilisha nywila. Ingia, kisha tazama simu: ombi la kuthibitisha limefika? Lisipofika, linganisha majibu ya amri hizi, ukiweka jina la seva yenu ya VPN:

```
nslookup vpn.example.com
nslookup vpn.example.com 1.1.1.1
```

Amri ya pili inauliza DNS ya umma badala ya ile ya nyumbani. Anwani za seva yenu zikitofautiana, shuku ruta ya nyumbani. Huenda imeshikilia anwani ya zamani.

Ombi likifika, ukaidhinisha na bado ukakataliwa, kwa kawaida nywila imeshapita. Kagua cheti cha kompyuta, kinachoitambulisha kwa VPN. Kwenye Windows fungua `certlm.msc` uone tarehe ya mwisho. Mara nyingi cheti cha kompyuta hujihuisha kikiwa kwenye mtandao wa ofisi tu, hivyo kompyuta iliyokaa nyumbani miezi kadhaa hukwama: bila cheti hakuna VPN, bila VPN hakuna cheti. Hapo ipeleke ofisini, uichomeke waya wa mtandao.