Wazo la biashara kijijini: anza na kalenda ya hela

Mwaka niliorudi kijijini, Misungwi, nilinunua friza la mtumba. Hesabu yangu ilikuwa ya soda baridi na barafu. Umeme ukakatika siku tatu mfululizo, nikamwaga maji na kubaki na kabati jeupe ambalo sasa tunahifadhia maharage. Nilikuwa nimeanza na kitu nilichokitamani, halafu ndipo nikamtafutia mteja. Siku hizi naanza upande wa pili, na huu ndio utaratibu wangu.

Hatua ya 1: Chora kalenda ya hela

Chukua daftari, andika miezi kumi na miwili kwa kushuka chini. Pembeni ya kila mwezi jaza mambo mawili: nani ana hela, na kitu gani kimeshuka bei. Usijaze kwa kukisia. Mfuate mwenye duka anayekopesha, umwombe akueleze daftari lake la madeni linajaa mwezi gani na linafutwa lini. Mimi nilijifunza zaidi kwenye daftari hilo kuliko kwa kuwauliza watu wanahitaji nini, maana ukiuliza hivyo kila mtu anahitaji kila kitu.

Kwetu msimu wa kuuza pamba hufunguliwa Mei, na mpunga huvunwa Mei na Juni. Kwa hiyo kuanzia Juni mpaka Agosti hela ipo, utaona mabati na harusi. Septemba na Oktoba hela inarudi shambani, kwenye mbegu na kulimisha kwa plau. Kuanzia Desemba mpaka Februari ni ukata, na debe la mahindi ndipo linapopanda.

Sasa ongeza safu ya tatu, ambayo wengi huisahau: watu ambao hela yao haifuati mvua. Walimu na wauguzi wanapata mwisho wa mwezi. Wavuvi wa dagaa wao wanafuata mwezi wa angani. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, na mbalamwezi ikikomaa mitumbwi hupumzika siku kadhaa. Mwaloni, mitumbwi inakoshusha dagaa, basi kuna hela karibu kila mwezi wa mwaka, hata Januari, ila si kila wiki. Kijiji chetu kiko kilomita tisa kutoka ziwani, na miaka yote tulikuwa tunauziana wenyewe kwa wenyewe huku tukilia ukata.

Hatua ya 2: Simama njia panda siku ya gulio

Nenda alfajiri, kaa mpaka saa nne, tazama baiskeli na bodaboda zinatoka na nini na zinarudi na nini. Unamtafuta muuzaji asiye na uwezo wa kusubiri. Huyo ndiye anayekuuzia kwa bei ya chini, na ukimwondolea sababu ya haraka yake umeshapata biashara.

Julai niliona viazi vitamu, lumbesa juu ya lumbesa. Nilimuuliza mama mmoja kwa nini asiviache ardhini mpaka bei ipande. Akanijibu, "Mwanangu, fukusi atakuachia?" Yuko sahihi. Kiangazi udongo unapasuka, na fukusi anapita kwenye nyufa mpaka kwenye kiazi. Kiazi alichokiingia kinakuwa kichungu, hakiliki. Kukichimba nako hakusaidii sana, maana kibichi hakikai. Kwa hiyo mkulima anauza wiki ileile ambayo jirani zake wote wanauza.

Hatua ya 3: Pitisha kila wazo kwenye maswali matatu

Barabara ikifungwa wiki mbili, mali itaharibika? Umeme ukikatika, kazi itasimama? Ninapouza, mteja wangu ana hela?

Friza lilianguka swali la pili. Vifaranga wa kisasa wanaanguka la kwanza kama chakula chao kinatoka mjini. Kwetu udongo ni wa mbuga, mvua ikinyesha tope linajaza matairi mpaka pikipiki inagoma kuzunguka. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025 na kivuko tukakisahau, lakini zile kilomita tisa za kwetu hazijui kama kuna daraja. Viazi vibichi navyo vinaanguka la kwanza. Michembe, yaani vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, inapita yote matatu: inakaushwa kwa jua, inasubiri barabara, na inauzwa Januari kwa wavuvi wanaotaka kitu cha kuchemsha asubuhi.

Hatua ya 4: Jaribu na gunia moja

Nilinunua takribani kilo 100 kwa shilingi 30,000. Kwanza viazi vinasinyaa siku mbili kivulini, kisha vinamenywa na kukatwa vipande vyembamba. Wanaochemsha kwanza ndipo wakate na kuanika wanapata matobolwa, ambayo ni matamu zaidi lakini yanakula kuni. Kuanika tulitumia mwamba, na Mwanza hatukosi miamba. Ufagie na uuzungushie miiba dhidi ya mbuzi. Jioni anua, umande usipite juu yake.

Maliza kabla ya Oktoba. Mvua za kwanza zikikukuta na mali nusu kavu, ukungu utaanza katikati ya kipande na hutauona mpaka ufungue gunia. Kipande kilichokauka kinavunjika kwa mlio. Kikipinda kwanza, rudisha juani.

Kilo 100 zilinipa 25 za michembe, maana maganda yanaondoka na sehemu kubwa ya kinachobaki ni maji. Hesabu ikawa hivi: viazi 30,000, kumenya na kukata 6,000, mfuko usiopitisha hewa 5,000, bodaboda mpaka mwaloni 3,000. Jumla 44,000. Niliuza kwa wastani wa 2,500 kwa kilo, nikapata 62,500. Faida ni 18,500, na hela ililala miezi sita. Kama hela yenyewe ni ya ada ya mtoto, usiilaze huko. Ningepeleka viazi hivyo vibichi mjini Julai, nauli peke yake ingemeza tofauti ya bei.

Kilichonisumbua ni mfuko. Michembe ina ncha kali, ikatoboa nailoni ya ndani, hewa ikaingia. Dalili ni unga mwembamba chini ya mfuko na vitundu vidogo kwenye vipande: dumuzi wameshaanza kula. Mwaka uliofuata niliijaza kwanza kwenye kiroba cha kawaida, nikakiingiza kiroba hicho ndani ya nailoni, nikafunga. Haikutoboka tena.

Kuuza, nenda giza linapoanza, siku mitumbwi inaporudi kazini. Nilipokwenda wiki ya mbalamwezi niliuza kopo sita tu, nne kwa mkopo, na waliokopa walihamia mwalo mwingine kabla sijarudi.

Hatua ya 5: Tafuta ukomo wa soko kabla ya kuongeza

Kijijini kwenyewe usitegemee kuuza, kila nyumba ina michembe yake. Wateja ni wa mwaloni na walimu wawili watatu. Msimu wa pili nilinunua magunia matano ya viazi. Michembe ya manne iliisha kufikia Machi. Ya gunia la tano niliiuza Mei, viazi vipya vikiwa tayari shambani, kwa shilingi 1,200 kilo. Tangu hapo nanunua manne.